Eneo ndani ya mstari unaojifunga: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha hisabati ya kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara, na siku za mapumziko huwa naitwa kusaidia kukokotoa ukubwa wa mabwawa na mashamba ya korosho. Maswali ya darasani na ya shambani yanafanana kuliko nilivyotegemea. Karibu yote hapa chini nayajibia kwa bwawa moja la kubuni, lenye umbo la yai, ili namba zisitupoteze.

Mwalimu, hatua sabini kwa sabini si zinatosha?

Kwa shamba lenye pembe nne, zinatosha kabisa. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, kila mkulima wa huku anajua hivyo. Tatizo linaanza pale mpaka unapopinda. Bwawa la samaki lililochimbwa kufuata mteremko halina urefu na upana wa kuzidisha. Lina ukingo tu, na ukingo huo ndio inabidi utupe jibu.

Hapo ndipo parameta inapoingia. Fikiria unatembea ukingoni, na `t` ni saa yako. Kila wakati una koodineti mbili: `x(t)`, umbali wako kuelekea mashariki, na `y(t)`, umbali wako kuelekea kaskazini. Ukirudi ulipoanzia, mstari umejifunga. Bwawa letu tunaliandika hivi, kwa mita, `t` ikienda kutoka 0 hadi 2π:

```
x(t) = 40 cos t + 6 cos 2t
y(t) = 25 sin t + 5 sin 2t
```

Ni yai lenye urefu wa mita 80, kutoka `x = -34` hadi `x = 46`, upande mnene ukiwa mashariki.

Fomula yenyewe ni ipi, na inatoka wapi?

```
A = (1/2) ∮ (x dy - y dx)
```

Kitabuni utaambiwa inatokana na nadharia ya Green, yule George Green wa Uingereza aliyechapisha kazi yake mwaka 1828. Ni kweli, lakini darasani mimi naanza na kamba.

Funga kamba kwenye mnazi, shika ncha nyingine, kisha tembea ukingoni mwa bwawa huku kamba ikiwa imenyooka, ikirefuka na kufupika unavyokwenda. Kila hatua ndogo, kamba inafagia pembetatu nyembamba yenye ncha kwenye mnazi. Eneo la pembetatu hiyo ni nusu ya `x dy - y dx`, mnazi ukiwa ndio sifuri ya koodineti. Jumlisha pembetatu zote, umemaliza.

"Je, mnazi ukiwa nje ya bwawa?" Hilo ndilo swali zuri. Ukitembea ukingo wa mbali, kamba inafagia upande mmoja, tuseme kinyume na saa, na pembetatu zinahesabiwa kuwa chanya. Ukirudi kwa ukingo wa karibu, kamba inafagia kurudi nyuma, na pembetatu zinakuwa hasi. Ardhi iliyo kati ya mnazi na bwawa imefagiliwa mara mbili kwa ishara mbili tofauti, kwa hiyo inajifuta. Kinachobaki ni bwawa peke yake. Ndiyo maana haijalishi mnazi uko wapi, mradi umerudi kwenye alama ileile uliyoanzia. Kumbuka sharti hilo, maana tutalirudia kwa uchungu.

Kuna kifaa cha zamani cha wachora ramani, planimeta, kinachofanya kazi hiihii kwa gurudumu dogo. Jakob Amsler wa Uswisi alibuni ya aina ya mkono unaozunguka mwaka 1854. Unafuatisha mpaka kwenye ramani kwa ncha, gurudumu linakusomea eneo.

Nimepata jibu hasi. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umetembea kufuata saa. Fomula inatoa eneo lenye ishara. Chukua thamani bila alama ya kutoa. Ila kuwa mwangalifu kama mstari unajikata wenyewe kama namba nane. Kwa `x = sin t`, `y = sin 2t`, fomula inatoa sifuri kamili, ingawa kila kitundu kina eneo la 4/3, kwa sababu kimoja kimezungukwa kinyume na saa na kingine kufuata saa. Chora kwanza, kokotoa baadaye.

Naikokotoaje kwa namba?

Kuna njia mbili, na wengi huzichanganya bila kujua kwamba tabia zake ni tofauti sana.

Ya kwanza ni ya poligoni, ambayo wapima ardhi wanaijua. Unachukua vituo `n` ukingoni, unaviunganisha kwa mistari iliyonyooka, unazidisha msalaba: `x` ya kituo hiki kwa `y` ya kinachofuata, toa `y` ya hiki mara `x` ya kinachofuata. Jumlisha, gawa kwa mbili.

Ya pili inatumia kasi. Ukiwa na fomula za `x` na `y`, unaweza kupata kasi zake, `x'` na `y'`. Unakokotoa `x y' - y x'` kwenye kila kituo, unajumlisha, unazidisha kwa `π/n`. Hiyo `π/n` ni nusu ya fomula ikizidishwa kwa nafasi kati ya vituo, `2π/n`. Kimsingi ni kanuni ya trapeza, ila kwa kuwa mwisho ni mwanzo, kila kituo kinapata uzito sawa.

```python
import numpy as np
n = 32
t = 2*np.pi*np.arange(n)/n
x = 40*np.cos(t) + 6*np.cos(2*t)
y = 25*np.sin(t) + 5*np.sin(2*t)
dx = -40*np.sin(t) - 12*np.sin(2*t)
dy = 25*np.cos(t) + 10*np.cos(2*t)
print(0.5*np.sum(x*np.roll(y,-1) - y*np.roll(x,-1)))
print(np.pi/n*np.sum(x*dy - y*dx))
```

Mstari wa kwanza wa majibu ni poligoni, wa pili ni njia ya kasi. Utaona 3,305.13 na 3,330.09.

Kwa nini yanatofautiana, na lipi ni sahihi?

La pili. Kwa bwawa hili tunaweza kuhakikisha kwa kalamu. Ukizidisha na kurahisisha, unapata

```
x y' - y x' = 1060 + 525 cos t + 25 cos 3t
```

Ukizunguka duara zima, kosaini zote zinajifuta, inabaki 1060. Eneo ni nusu ya 1060 mara 2π, yaani 1060π, ambayo ni mita za mraba 3,330.09. Kwa lugha ya shambani ni ekari 0.82 hivi.

Poligoni inapungukiwa kwa sababu ukingo wa bwawa umebinuka nje kila mahali, na kila mstari ulionyooka unakata kipande cha maji na kukiacha nje. Ona inavyokaribia polepole:

| Vituo | Poligoni (m²) | Upungufu (m²) |
|---|---|---|
| 4 | 2,000.0 | 1,330.1 |
| 8 | 2,948.4 | 381.7 |
| 16 | 3,231.2 | 98.9 |
| 32 | 3,305.1 | 25.0 |
| 64 | 3,323.8 | 6.3 |

Kila ukiongeza vituo mara mbili, upungufu unagawanyika kwa takriban nne. Tabia hiyo unaweza kuifanyia biashara: chukua jibu la vituo 32 mara nne, toa jibu la vituo 16, gawa kwa tatu. Unapata 3,329.8, karibu kabisa na ukweli, bila kuongeza kituo hata kimoja.

Njia ya kasi nayo inafanya jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka walikokotoe wenyewe. Kwa vituo vitatu inatoa 1085π, yaani 3,408.6. Kwa vituo vinne inatoa 3,330.09, desimali zote sahihi. Vinne tu! Wakati poligoni ya vituo hivyohivyo vinne inasema 2,000.

Sababu iko kwenye ile 1060 + 525 cos t + 25 cos 3t. Vituo vilivyopangwa sawasawa kuzunguka duara vinafuta `cos kt` kikamilifu, isipokuwa pale `k` inapogawanyika kwa `n`. Kwa vituo vitatu, `cos 3t` inaonekana kuwa 1 kwenye kila kituo, kwa hiyo ile 25 inajipenyeza na kujumlishwa na 1060. Kwa vinne haipati mwanya. Mstari laini ambao mawimbi yake hayana mwisho, tofauti na huu, hautatoa jibu kamili kwa vituo vinne, lakini makosa yatashuka kwa kasi ileile ya kushangaza: vituo vichache vinaongezwa, tarakimu nyingi zinatulia.

Simpson si bora kuliko trapeza? Ndivyo tulivyofundishwa.

Ni bora kwa mstari wenye mwanzo na mwisho tofauti. Kwa mstari laini unaojifunga, inaharibu. Simpson inatoa uzito 4, 2, 4, 2 kwa vituo, na uzito huo usio sawa unavuruga kule kujifuta. Kwa bwawa letu, nafasi sita za Simpson zinatoa 3,303.9, pungufu kwa mita za mraba 26, wakati trapeza ya vituo sita ni sahihi kabisa. Mtihani ukikutaka Simpson, mpe Simpson. Ukiwa unapima bwawa, mwache.

Programu yangu inatoa 3,384 kwa vituo 32. Kwa nini?

Hili naliona kila mwaka. Umeandika `np.linspace(0, 2*np.pi, 32)`, ambayo inaweka 0 na 2π zote mbili. Hizo ni mahali pamoja. Una vituo 31 tofauti, kimoja kimehesabiwa mara mbili, na bado unagawa kwa 32. Kwenye `t = 0` kituo kina thamani kubwa kuliko wastani, kwa hiyo jibu limevimba hadi 3,384.08. Tumia `np.arange` kama nilivyofanya juu, au ongeza `endpoint=False`.

Namna ya kulitambua bila kunitafuta: ongeza vituo mara mbili kisha utazame kosa linavyoshuka. Kwenye njia ya kasi, mstari ukiwa laini, majibu yanapaswa kugandana mapema. Kama kila mara tofauti inapungua kwa nusu tu, ama umerudia kituo cha mwisho, ama mstari wako una kona.

Bwawa langu lina kona. Nifanyeje?

Kwenye kona, kasi inaruka ghafla kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, na ule muujiza wa vituo vinne unakwisha. Usijaribu kuuokoa kwa kumwaga vituo elfu moja. Kata mstari penye kona, kokotoa kila kipande peke yake (hapa ndipo Simpson anarudi na heshima yake), halafu jumlisha vipande. Kipande kilichonyooka hakihitaji hata kukokotolewa kwa namba: kutoka nukta moja hadi nyingine, mchango wake ni ile nusu ya kuzidisha msalaba. Usikiruke tu kwa kudhani ni sifuri, maana ni sifuri pale tu mstari huo unapoelekea moja kwa moja kwenye mnazi.

Sina fomula, nina koodineti za simu tu. Je, bado inafaa?

Inafaa, kwa njia ya poligoni. Poligoni haijali ulitembea kwa mwendo gani. Ukisimama katikati kusalimiana na jirani habari za korosho mpaka chai ikapoa, eneo halibadiliki. Lakini mambo mawili yatakuangusha.

La kwanza ni nyuzi. Simu inakupa latitudo na longitudo, na ukiziingiza moja kwa moja utapata nyuzi za mraba, kipimo kisichomsaidia mtu. Hapa Mtwara nyuzi moja ya kaskazini-kusini ni karibu kilomita 110.6, na ya mashariki-magharibi ni karibu kilomita 109.6. Kwa bwawa dogo, toa kituo cha kwanza kutoka vituo vyote, kisha zidisha kila upande kwa kipimo chake. Au badilisha kwenda UTM, mfumo wa koodineti za mita, kanda ya 37 Kusini, inayofunika Lindi na Mtwara.

La pili linatokana na hiyo UTM. Koodineti zake zinaanzia mbali mno: mjini Mtwara `x` ni kama mita 629,000 na `y` kama 8,864,000. Mnazi wetu umeota mbali sana. Mstari ukiwa umejifunga, hakuna shida, lakini ukiacha mwanya inakuwa balaa. Niliwahi kukaa na kijana aliyetembea shamba la mjomba wake, akaishia mita mbili magharibi ya alama aliyoanzia, na hesabu yake haikuunganisha kituo cha mwisho na cha kwanza. Ule ukanda ambao kamba haikuufagia ni pembetatu yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 8,864,000, yaani hekta 886. Mjomba angefurahi. Tulipoongeza kituo cha kwanza mwishoni mwa orodha, shamba likarudi kuwa shamba.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, toa kituo cha kwanza kutoka vyote. Pia una kipimo cha bure: kokotoa eneo mara tatu, mara moja na koodineti kama zilivyo, mara moja baada ya kuzisogeza zote kwa mita 1,000 mashariki, na mara moja baada ya kuzisogeza kwa mita 1,000 kaskazini. Majibu yakitofautiana, mstari haujafungwa.

Kutoa kituo cha kwanza kunakulinda na jambo jingine pia. Baadhi ya programu zinahifadhi namba kwa biti 32. Kwa namba kubwa kama 8,864,000, biti 32 haziwezi kutofautisha chini ya mita moja, na zao la `x` na `y` linaruka kwa hatua za zaidi ya 500,000. Bwawa la mita za mraba 3,330 linazama humo bila hata kuonekana. Kwa biti 64, ambazo Python hutumia kwa kawaida, hakuna wasiwasi.

Nichukue vituo vingapi kwa simu?

Inategemea simu yako inakosea kiasi gani. Tuseme kila kituo kinakosea mita 3 hivi kwa kila upande, na makosa ya vituo hayahusiani. Kosa la eneo linakuwa takriban 3 mara urefu wa ukingo, ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Ukingo wa bwawa letu ni karibu mita 210. Kwa vituo 32 hiyo ni kama mita za mraba 111, wakati upungufu wa poligoni yenyewe ni 25 tu. Kwa hiyo kuhangaika na fomula nzuri zaidi hapo ni kupaka rangi nyumba isiyo na bati. Uamuzi wangu kwa bwawa la ukubwa huu: vituo 30 hadi 40, kila kimoja ukisimama kidogo simu itulie, na uzunguke mara mbili. Kosa ambalo ni lilelile kwa vituo vyote, mfano simu inayosogeza kila kitu mita 4 mashariki, halina madhara, linahamisha bwawa zima bila kubadilisha ukubwa wake.

Naweza kuifanya kwenye Excel?

Ndiyo. Weka `x` kwenye safu A na `y` kwenye safu B, mistari 1 hadi 32, kisha rudia mstari wa 1 kwenye mstari wa 33. Andika:

```
=(SUMPRODUCT(A1:A32,B2:B33)-SUMPRODUCT(A2:A33,B1:B32))/2
```

Ijaribu kwanza kwa bwawa la yai kabla ya kuweka koodineti zako. Ikitoa 3,305.13, umeandika sawasawa. Ikitoa namba hiyohiyo yenye alama ya kutoa, umepanga vituo kufuata saa. Ikitoa namba nyingine, angalia mstari wa 33.